Watu Watano, Majina Saba

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulikuwa mfumo wa simu wa kutunza kumbukumbu za kikoba: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Msimamizi wetu, ambaye tulimwita Dokta na yeye akatuita "nyie watu", aliona kichekesho kabla yetu. Tulikuwa tunawatengenezea akina mama wa Mbagala chombo cha kujua kila mmoja kachangia nini, na wenyewe hatukuweza kumwambia nani kati yetu alikuwa amefanya nini.

Chuo kinataka rekodi za nani kafanya nini kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kupangwa kwenye kikundi. Kila basi lina abiria. Alama ya mradi ni moja, imegawanywa kwa watu watano, na haiwezekani aliyekesha na aliyelala wavuke na tiketi ileile. Kwa hiyo mwanzoni mwa muhula Dokta alituagiza tuwe na jedwali la kazi, mimi nikachaguliwa karani kwa kosa la kuwa na kalamu siku hiyo.

Jedwali la kwanza lilikuwa na safu nne: tarehe, jina, kazi, saa. Lilikaa mtandaoni ili kila mtu ajaze mwenyewe jioni baada ya kazi. Nadhani msomaji anajua lilivyojazwa. Jumapili usiku, kesho yake tukiwa na miadi na Dokta, simu zililia, bando likanunuliwa, na watu wakaanza kukumbuka mwezi mzima. Mmoja aliandika "utafiti, saa 9" siku ya Idi. Mwingine akauliza kwenye kundi, "Jamani, wengine mmefika ngapi?" ili asipitwe wala asipite. Kufikia usiku wa manane kila mtu alikuwa na saa 60 kamili.

Dokta hakubishana na hata mstari mmoja. Alifungua historia ya matoleo ya faili, ile sehemu inayoonyesha kila badiliko limeingia lini, akatugeuzia kioo. Kazi ya mwezi ilikuwa imefanyika yote Jumapili, kati ya saa 3:40 na saa 5:15 usiku. "Mmelingana hadi dakika," alisema. "Mapacha wenyewe hupishana." Kisha akauliza swali ambalo lilitumaliza: katika hizo saa 9 za Idi, nini kilikuwepo jioni ambacho asubuhi hakikuwepo? Mhusika, ambaye kwa ufasaha wake tulimwita Mheshimiwa, alijibu kwa takriban dakika kumi. Hakuna kilichokuwepo.

Hapo ndipo Fundi, mwandishi wetu wa msimbo, alipopendekeza tuachane na hadithi za watu tusome Git. Git huhifadhi kila hatua ya kazi pamoja na jina la aliyeihifadhi na wakati. Mashine haina undugu, alisema. Akaandika amri hii mbele ya wote:

```
$ git shortlog -sn --no-merges
   188  fundi
    61  Laptopu ya Kaka
    40  Karani
    22  fundi wa kweli
     9  root
     3  Mheshimiwa
     2  fundii
```

Tulikuwa watu watano. Orodha ilikuwa na majina saba, na wawili kati yetu hawamo.

Maelezo yake ni mepesi ukishayajua. Git haimjui mtu. Inachukua jina na baruapepe zilizoandikwa kwenye mipangilio ya mashine inayotumika, bila kuuliza kitambulisho. Fundi alikuwa amebadilisha kompyuta mara kadhaa na kila mara alijiandika kivingine, mara moja akiwa na haraka kwenye kidole. Kwa hilo kuna dawa: faili liitwalo `.mailmap`, linaloiambia Git kwamba majina haya matatu ni mtu mmoja. Huyo "root" alikuwa yeyote kati yetu aliyeingia kwenye seva usiku kurekebisha kitu moja kwa moja. Hizo kazi 9 mpaka leo hazina baba, ingawa moja iliyovunja ukurasa wa kuingilia tunamshuku mtu.

"Laptopu ya Kaka" ndiyo iliyouma. Mdogo wetu kwenye kikundi hakuwa na kompyuta. Alikuwa akiazima ya kaka yake wikendi, na siku nyingine anakaa kwenye kiti cha Fundi, mwenyewe akienda kula, anaandika ukurasa mzima wa mikopo. Kazi za wikendi zilibaki kwa jina la Kaka, ambaye ni dereva wa bodaboda na hajawahi kusikia habari zetu. Za mchana ziliingia zote kwenye 188 za Fundi. Kaka tulimrudisha kwa dada yake kwa `.mailmap`. Lakini kazi zilizofanywa na watu wawili kwa jina moja kwenye mashine moja haziwezi kutenganishwa na faili lolote. Inabidi watu wakae chini wakumbuke, na kukumbuka ndiko kulikotuletea saa 9 za Idi. Kuanzia hapo, waliokaa pamoja waliongeza mstari mmoja mwishoni mwa ujumbe wa kuhifadhi, baada ya mstari mtupu:

```
Co-authored-by: Mdogo <mdogo@example.com>
```

Mstari huo ukiwa na baruapepe ya akaunti ya mtu, GitHub inamhesabia na yeye. Ukikosea herufi moja ya baruapepe, jasho limekwenda na maji.

Mheshimiwa, kwa hizo 3 zake, alipinga kuhesabu mara. Mtu anaweza kuhifadhi kila baada ya kuweka nukta, alisema, na kweli Fundi ana tabia hiyo. Tuhesabu mistari. Tukahesabu. Mheshimiwa akaibuka na mistari zaidi ya laki nne, asilimia 96 ya mradi. Alikaa kimya kwa unyenyekevu ambao sijauona tena.

Tulipofungua `git log --stat`, ambayo huonyesha kila hatua iligusa mafaili gani, karibu yote yalianza na `node_modules/`. Hilo ni kabati la maktaba za watu wengine ambazo programu yetu inazitumia. Hupakuliwa zenyewe kwa amri moja, na hakuna anayepaswa kulihifadhi ndani ya mradi. Mheshimiwa alikuwa amelibeba lote, kazi ya maelfu ya watu duniani ambao hawajui kwamba wanasoma nasi. Kuliandika kwenye `.gitignore` peke yake hakukusaidia, kwa kuwa Git huendelea kukifuatilia kilichokwishaingia. Ikabidi Fundi aliondoe kwa `git rm -r --cached node_modules`. Sasa rekodi zikaonyesha kwamba Fundi amefuta mistari laki nne kwa asubuhi moja, na Mheshimiwa akataka maelezo.

Wakati tukigombania mistari, mtu wa tano alikuwa kimya. Tulimwita Mama Hisa. Kwenye Git hakuwa na kitu kabisa, sifuri isiyo na hata jina. Jumamosi alikuwa anapanda daladala kwenda Mbagala kukaa kwenye mikutano ya kikoba, na alirudi na daftari. Ndani ya daftari hilo kulikuwa na jambo ambalo Fundi na kompyuta zake zote hakulijua: hisa hazirekodiwi nyumbani. Mwanachama anaita idadi ya hisa zake kwa sauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, mhuri unapigwa kwenye kitabu chake hapohapo, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Mama mmoja alimwambia kwamba mweka hazina anayesema "nitaandika baadaye" ameshakula.

Mfumo wetu ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Ingiza michango ya nyuma". Fundi alikihangaikia kwa majuma. Kikaondolewa chote, na kwa hesabu ya mistari daftari la Mama Hisa lilikuwa mchango hasi.

Jedwali la pili halikuwa na safu ya saa. Kila mstari ulikuwa kazi moja inayomalizika kwa siku mbili au pungufu, jina la mwenye kazi, ushahidi, na jina la mwenzake aliyeukagua. Ushahidi wa Fundi ni namba ya hatua kwenye Git. Wa Mama Hisa ni picha ya kurasa za daftari na orodha ya mambo yaliyobadilika kwenye usanifu. Lilijazwa Ijumaa tukiwa tumesimama, kila mtu akisoma mstari wake kwa sauti. Nawaambia, ni vigumu sana kutamka neno "utafiti" mbele ya watu wanne wanaokutazama bila kuongeza utafiti wa nini. Mheshimiwa alijaribu mara moja. Juma lililofuata alikuja na majaribio ya fomu ya mikopo, makosa sita yameorodheshwa, na yote yalikuwa ya kweli.

Mwisho wa mradi Dokta alitaka kila mmoja awagawie wenzake wanne pointi 100, bila kujipa mwenyewe, akitaja namba za mistari ya jedwali kama sababu. Raundi ya kwanza tulijaza tukiwa meza moja. Haya ikatushika, kila mtu akampa kila mtu 25. Dokta akarudisha karatasi, akatupa bahasha, akatutawanya.

Pointi zote zinajumlika 500, kwa hiyo aliyefanya sehemu yake hupata kama 100. Mama Hisa alipata 125, Fundi 120, Mdogo 105, Mheshimiwa 60. Sitini ingemaanisha kuzidisha alama ya kikundi kwa 0.6, ila Dokta alikuwa ameweka ukomo kwamba hakuna anayeshuka chini ya 0.75, maana wanafunzi wanne wakiamua kumchukia wa tano, namba hazijui. Kikundi kilipata 72; Mheshimiwa akaondoka na 54. Mimi, karani, nilipata 90. Nilipouliza, niliambiwa kutunza jedwali kulikuwa na mstari mmoja tu kwenye jedwali.

Mheshimiwa alikata rufaa. Alileta mstari mpya, "Kununua bando la kikundi", ushahidi ukiwa ni rundo la ujumbe wa miamala ya simu wenye tarehe na kiasi, mkaguzi akiwa ni Mdogo, aliyekiri kwamba bando hilo alilitumia. Ulikuwa ushahidi safi kuliko wote tuliowahi kuwasilisha. Dokta aliusoma hadi mwisho, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hili ni deni. Mlipeni." Tukachanga, na mimi nikaagizwa kuandika nani katoa shilingi ngapi.