Kundi la Kivuli

Mama mwenye ofisi yetu hapa Durban alinitumia picha 40 za skrini, zote za maoni ya wateja wa programu moja ya kulipia bili. Alitaka jioni apate jedwali: watu wanalalamikia nini, wangapi, na oni moja la mfano kwa kila kundi. Nikaagiza robo ya bani chao, ule mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi, nikala kwa mkono mmoja na kuhesabu kwa mwingine.

Saa tisa nilikuwa na maoni 131. Nilipojumlisha makundi nikapata 146. Nikajumlisha tena, nikapata 146 na alama ya mchuzi.

Makosa yalikuwa mawili. Aliyepiga picha alikuwa akisogeza skrini kidogo kidogo, kwa hiyo oni la chini kwenye picha hii lilijirudia juu kwenye picha inayofuata. Nilimgundua bwana mmoja aliyeandika “nimechokaa” tarehe ileile, kwa a mbili zilezile. Nikapitia picha zote kwa jina, tarehe na kosa la herufi, nikaondoa 23. Yakabaki 108.

La pili lilikuwa watu wenye hasira mbili: “Namba ya siri haiji, na ikija mnanikata hela mara mbili.” Huyo nilikuwa nimemhesabu kotekote. Nikaamua kila mtu ahesabiwe kwa lile lililomkwamisha kwanza, la pili liingie safu ya pembeni.

Fahari yangu lakini ilikuwa Kundi la Kivuli. Wateja tisa walikuwa wameandika kwa Kizulu “ayivuli”. Mimi na Kiswahili changu nikaona ndugu huyo: kivuli. Skrini ina giza! Nikaandika na pendekezo: waongeze mwanga.

Dada wa mapokezi alipita, akasoma, akashika meza.

“Kaka, hiyo ni ‘haifunguki’.”

Tisa wale wakahamia kwa wenzao wa kuganda na kutofunguka, wakawa 22. Namba ya siri kutofika ilikuwa 41, kukatwa hela mara mbili 30, mengineyo 15. Safari hii 108 ilitimia.

Oni la mfano nalo lilinipa tabu. Kwenye namba ya siri nilikuwa nimemweka mama aliyesema amezeeka akisubiri. Nilicheka sana, ila fundi angerekebisha nini hapo? Nikamwondoa kwa shingo upande, nikaweka lililosema walichosema wengi: “Nimeomba namba mara tatu, imekuja baada ya dakika kumi, imeshaisha muda.”

Nikatuma saa kumi na moja. Simu ikaita kabla sijanawa mikono.

“Hesabu nzuri. Ila nieleze hili kundi la mwisho, Kivuli, idadi 0, mwanga uongezwe.”