Jinsi ya Kumng'oa Msimamizi Anayeitafuna Mirathi

Kwanza mtambue. Ni yule baba mdogo ambaye wosia ulimtaja kuwa msimamizi, na tangu siku ya mazishi ameshika funguo za vyumba vya kupanga, kadi ya benki na namba ya chai ya marehemu. Ukimwuliza pesa ziko wapi, anataja bei ya jeneza. Ukiuliza tena, anakwambia uwaheshimu wakubwa. Ukiuliza mara ya tatu, anaitisha kikao cha ukoo na kulalamika kwamba watoto wa marehemu wana tamaa.

Huko Meru na Embu, wengi humkabili vibaya. Wanampigia kelele kwamba ni mwizi, naye anafurahi kwelikweli, kwa sababu maneno ya mwizi na si mwizi yanaweza kubishaniwa miaka kumi. Wengine hupeleka shauri kwa wazee wa Njuri Ncheke. Wazee wanaweza kupatanisha, na hilo ni jema, lakini hati aliyopewa na korti haifutwi na mtu mwingine ila korti.

Wewe mdai hesabu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 83, inamtaka awasilishe kortini, ndani ya miezi 6 tangu apewe hati, orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu ya kila alichofanya nayo. Hati ikishathibitishwa, ana miezi 6 mingine ya kumaliza kazi na kuleta hesabu ya mwisho, isipokuwa korti imwongezee muda. Katikati ya hapo, mrithi yeyote anaweza kuiomba korti imwamuru alete hesabu.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha vyumba 6 Runyenjes, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi, na shamba la chai. Miezi 18 imepita. Kodi pekee ni shilingi 432,000. Msimamizi analeta karatasi moja iliyoandikwa "matumizi ya familia, 400,000". Hiyo si hesabu. Hesabu inaonyesha tarehe, aliyelipa, aliyelipwa, sababu na risiti: chumba kipi kilikaa kitupu na kwa miezi mingapi, wachumaji wa chai walilipwa kiasi gani, bonasi iliingia akaunti ya nani. Akisema vyumba viwili vilikuwa vitupu mwaka mzima, hiyo ni 96,000 ya kupunguza, na wapangaji wa jirani watakwambia kama ni kweli. Akishindwa kueleza 336,000 zilizobaki, kifungu cha 94 kinamfanya azibebe mwenyewe, kutoka mfukoni mwake.

Dai hilo liandike kwa barua, taja siku ya mwisho, na utunze ushahidi kwamba aliipokea. Usidharau hatua hii. Kifungu cha 76 kinaruhusu hati ifutwe msimamizi akishindwa kuleta hesabu, akileta ya uongo, akizembea kazi, au akikaa mwaka mzima bila kuomba hati ithibitishwe. Lakini kwa aliyeshindwa kutimiza wajibu huo, sheria inataka awe ameonywa na asiwe na sababu ya maana. Barua ndiyo onyo lako. Mwenye kulia kikaoni tu hana la kumwonyesha jaji.

Huku ukisubiri jibu, nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi ya shamba. Msimamizi hana ruhusa ya kuuza ardhi kabla hati haijathibitishwa, kwa hiyo linganisha tarehe ya mauzo na tarehe ya kuthibitishwa. Ukiona dalili za kuuza, weka kosheni mara moja, kwa sababu mnunuzi aliyenunua kwa nia njema anaweza kulindwa na sheria hata hati ikifutwa baadaye. Nimeona familia zikishinda kesi na kubaki na karatasi ya ushindi, shamba likiwa na ua wa mtu mwingine. Inaniuma kila mara, maana safari moja ya ofisi ya ardhi ingeliokoa.

Siku za barua zikiisha, peleka ombi la kufuta hati katika faili ileile ya mirathi, pamoja na hati ya kiapo, nakala ya barua na matokeo ya sachi. Jaji halazimiki kumfukuza. Mara nyingine humpa muda wa mwisho wa kuleta hesabu. Kubali, maana hesabu ndiyo uliyotaka. Ila katika ombi hilohilo pendekeza nani ashike nafasi yake, ikiwezekana wawili kutoka pande tofauti za familia, na uombe msimamizi wa sasa aamriwe kukabidhi funguo, vitabu na hesabu hata baada ya kuondolewa. Ukisahau kupendekeza mtu, hati ikifutwa mali inabaki bila mwenyewe: benki inakataa kufungua akaunti, na wapangaji hawajui wamlipe nani, basi wanamlipa yuleyule baba mdogo.