Shangazi, Bando Ninalo, Simu Yasema Imejaa

*Shangazi, jana nimenunua bando la GB 1 kwa kijana wa vocha. Leo mwanangu wa Muscat kanitumia video ya harusi, simu inakataa, inasema nafasi imejaa. Nikaongeza bando la pili. Bado imejaa. Nimeibiwa? – Bibi wa Ngamiani, Tanga*

Shikamoo bibi. Kijana wa vocha hana kosa, mwache auze. Lililokuponza ni kipimo kimoja kutumika kwa vitu viwili. MB (na GB 1 ni kama MB elfu moja) hupima bando, na hupima hifadhi pia.

Fikiria maji. Bando ni maji uliyomlipa mwenye mkokoteni akuletee. Hifadhi ni pipa lako la uani. Vyote tunavihesabu kwa lita, lakini hata ukimlipa mwenye mkokoteni madumu hamsini, pipa halitanuki. Wewe umenunua maji mara mbili na pipa limefurika tangu Ramadhani.

Video ya MB 20 ikiingia, bando linapungua MB 20 na pipa linajaa MB 20. Ukiifuta, pipa linapata nafasi, ila bando halirudi, maana maji uliyoyamwaga hayarudishiwi hela. Na ukiongea na mwanao kwa simu ya video, hayo ni maji ya kunawa miguu: yametumika, na pipani halikuingia tone.

Sasa tupunguze maji pipani. Fungua WhatsApp, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Settings, kisha Storage and data, kisha Manage storage. Ukiona Forwarded many times, gusa hapo. Bibi, usishtuke: zile salamu za asubuhi zenye waridi na kikombe cha chai zote zimelala humo. Tuseme unakuta video sitini za MB 15 kila moja. Hizo ni MB 900. Zifute, na harusi ya Muscat inaingia na biriani lake.

Ukirudi kwenye Storage and data, utaona When using mobile data. Ondoa alama ya vema kwenye Videos. Hapo umemwambia mwenye mkokoteni asimimine mpaka aitwe.

Jambo moja nakukataza. Mtu atakwambia uingie kwenye mipangilio ya simu yenyewe ukasafishe. Huko kuna vitufe viwili vinavyokaa jirani. Clear cache inaondoa kache, yaani zile sufuria na mbuzi ya kukunia nazi unazoziacha kando ya jiko ili usizifuate stoo kila mara. Zikiondolewa hupotezi kitu, kesho utachelewa kidogo tu kuanza kupika. Cha pili ni Clear storage, simu nyingine huandika Clear data. Hicho kinabomoa jiko. Ukikibonyeza kwa WhatsApp bila kuwa na nakala ya akiba, mazungumzo yote kwaheri.

*Shangazi, mjukuu alisema picha zangu ziko kwenye wingu. Nikazifuta za simuni ili nipate nafasi. Za winguni nazo hazipo! Mvua ilinyesha? – Mzee wa Kibokoni, Mombasa*

Shikamoo babu. Wingu ni jina la kupamba tu. Ni kompyuta za watu, ziko ndani ya jengo mbali huko, nawe umepewa chumba. Google wanakupa GB 15 bila malipo, ila barua pepe zako zimo chumba hichohicho.

Mjukuu hakukudanganya, ila hakumaliza. Ile programu ya Google Photos ni kama daftari lenye karatasi ya kaboni: unachoandika juu kinatokea chini. Ila kaboni hii inaiga hata kufuta. Ukifuta picha humo, inafutika kotekote. Ulichotaka ni Free up space, kinachoondoa nakala ya simuni na kuiacha ya winguni.

Kabla hujamgombeza mtoto wa watu, fungua Trash. Picha iliyokuwa imefika winguni hukaa humo siku 60 kabla ya kutupwa kabisa. Iguse, bonyeza Restore.

*Shangazi, nywila yangu niliiandika vizuri daftarini nisisahau. Sasa naiandika kama ilivyo, inakataliwa. Ni nukta nane. – Mwalimu mstaafu, Zanzibar*

Mwalimu, shikamoo. Nukta ni buibui tu, neno lenyewe limo ndani. Limevishwa ili aliyekaa nyuma yako kwenye daladala asilione. Pembeni ya nukta mara nyingi pana kijicho. Ukikigusa, buibui linafunuka nawe unasoma ulichoandika. Lakini hilo ni kwa neno unaloliandika sasa hivi. La zamani limekwenda, kwa hiyo gusa Forgot password uweke jipya, na safari hii liandike daftarini kabla halijavaa.

Ule ukurasa wa nukta nane uache hapohapo. Mwizi akiuona, ataniandikia barua kama yako.