Shetani wa Saa Moja Jioni

Ikifika saa moja kasoro robo jioni, hapa kwangu Tabata hakuna anayeweka mguu chini. Watoto wako juu ya sofa, mama yao kajifungia jikoni, na mimi baba mwenye nyumba nimesimama juu ya kiti cha plastiki, ndala mkononi. Chini yetu anazunguka Diwani, mtoto wetu wa mbwa. Ana wiki kumi, kilo nne, na meno 28 ya utoto yaliyochongoka kama pini za kushikia nepi. Masikio kayalaza nyuma, mkia kaufyata, anakata namba nane kati ya meza na kabati la televisheni, na kila mzunguko anapitia kwenye pindo la suruali yangu kuacha saini.

Jina la Diwani alipewa na binti yangu, kwa sababu siku ya kwanza alikagua kila chumba, akakojoa kwenye viwili, kisha akalala. Laiti angeendelea na hilo la tatu.

Maana kuuma kwake kwa jioni hakukuwa kama kule kwa mchana. Mchana anakutafunatafuna kidole kwa adabu, ukisema "ah!" anaachia. Jioni ukisema "ah!" anashika vizuri zaidi. Ukimsukuma anadhani mchezo umeanza, ukikimbia anafurahi mno, ukikaa kimya anaruka hadi kwenye kiwiko. Mke wangu ana kanga tatu zenye madirisha. Mimi mikono yangu ilikuwa kama ya mtu aliyeokota ndimu usiku.

Kila aliyepita getini alikuwa na dawa, na dawa ilikuwa moja: huyo ana nguvu nyingi, mchoshe. Nikamchosha. Nikitoka kazini, nimesimama kwenye daladala toka Posta, namchukua Diwani tunazunguka uwanja wa mpira. Tukirudi watoto wanamrushia chupa tupu ya maji huku na huko kwa nusu saa. Kisha natandika mkeka nisubiri azimike kama tochi. Badala yake, kadiri nilivyomkimbiza ndivyo shetani wa saa moja alivyopanda mapema. Wiki ya tatu akawa anapanda saa kumi na mbili, na mimi ndiye niliyezimika.

Ndipo jirani yangu, mzee mmoja mwenye sauti ya kuuzia samaki, aliponiita ukutani. "Baba Neema, nakuheshimu, lakini hicho ni kichaa cha mbwa. Nitampelekea mjumbe habari."

Neno hilo halichezewi. Nikamweka Diwani kwenye boksi la sabuni, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole ambaye kwanza aliangalia mikono yangu kabla ya mbwa. Akauliza kama Diwani amewahi kung'atwa na mnyama mwingine. Hapana. Anakula? Kama wifi yako. Anakunywa maji bila shida, anameza? Ndiyo. Vurugu hizi zimeanza lini? Wiki tatu zilizopita, kila jioni, na asubuhi anaamka kama malaika.

"Basi mzee, kichaa hakina ratiba ya ofisi," akasema. Mbwa wa kichaa, dalili zikishajitokeza, huzidi kuharibika na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache tu. Hutokwa mate, hushindwa kumeza, miguu huanza kulegea. Haumi jioni halafu asubuhi akaomba uji. Hata hivyo akanisema kwa zile alama zilizotoboka ngozi: kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali wakaamue wao, maana mbwa mwenyewe chanjo ya kichaa ataipata akifikisha miezi mitatu. Nikaitikia kama mwanafunzi.

Halafu akaniuliza swali linaloniudhi mpaka leo. "Analala masaa mangapi?"

"Mimi?" nikasema, nikijua hatimaye kuna mtu katika nchi hii amenionea huruma. "Matano, dada. Yakizidi sana."

"Mbwa, mzee."

Sikujua. Nani anahesabu usingizi wa mbwa? Akanipa kazi ya nyumbani: siku nzima niandike kila anapolala na kila anapoamka. Jumamosi nikachukua daftari la hesabu la Neema nikakaa kibarazani. Usiku alikuwa amelala saa tano, akaamka saa kumi na moja alfajiri na adhana: masaa sita. Baada ya uji akajikunja chini ya benchi, lakini zikapita dakika 40 tu, jirani akawasha pampu ya maji. Adhuhuri alipata saa moja na nusu, mpaka Neema alipomwamsha amwoneshe mwenzake. Alasiri dakika 50, fundi wa geti akaanza kugonga. Nikajumlisha: masaa tisa kamili. Nikaona si haba, ni karibu mara mbili ya yangu. Nikampigia dada daktari kwa majivuno.

Alikaa kimya kidogo. "Wa umri huo anahitaji 18 hadi 20."

Nikamwomba arudie. Kumi na nane hadi ishirini! Mbwa mzima hulala kama masaa 12 hadi 14 ukijumlisha usiku na vile vipande vya mchana. Wazee huongeza. Lakini mtoto, ambaye mifupa yake inakua na ubongo wake unapanga kila kilichoonwa, kusikika na kutafunwa siku hiyo, huamka masaa manne au sita tu kati ya 24. Diwani wangu alikuwa anaishi kwa nusu ya posho yake, kisha jioni, badala ya kulipwa deni, anapelekwa uwanjani kukimbia.

Akanieleza kwa lugha ya magari ili nielewe. Mtoto wa mbwa ana mafuta ya kuendea lakini breki bado hazijafungwa vizuri. Ile adabu ya kuachia kidole anaposikia "ah!" ni kazi ya kichwa, na kichwa kikichoka hiyo ndiyo huondoka ya kwanza. Mwili nao, ukinyimwa kulala, humwaga homoni za kumweka macho, adrenalini na kotisoli, kwa hiyo mchovu anaonekana kama kachajiwa. Hajui kwamba amechoka. Hana akili ya kusema "jamani naenda kupumzika" kama mjomba baada ya pilau. Anachojua ni kwamba mwili unamwasha, na dunia yote anaishika kwa mdomo. Kwa hiyo anauma. Ukimkimbiza zaidi unaongeza mafuta kwenye gari lisilo na breki, mteremko wa Kitonga.

Dawa ikawa rahisi kuitamka: saa moja macho, masaa mawili usingizini, mchana kutwa. Anaamka, anapelekwa mchangani kukojoa, anakula, anacheza kidogo, anafundishwa jina lake, na kabla saa haijaisha anarudishwa. Wapi? Hapo ndipo nilipopoteza korido yangu. Boksi la friji, ambalo nililiweka kwa ajili ya mambo ya maana, likalazwa ubavuni, likatandikwa fulana yangu ya uchaguzi, likafunikwa kanga yenye madirisha ili mwanga usiingie. Mlango wa korido ukawekewa ubao. Siku ya kwanza alilia dakika 12. Niliambiwa nikae karibu nisiseme neno, nimpe tambara lililosokotwa na kuloweshwa maji alitafune, kwa kuwa kutafuna na kulamba humtuliza. Nikakaa sakafuni, mtu mzima wa miaka 47, nikimlinda mbwa asijione mpweke, huku chai yangu inapoa.

Dakika ya 13 nikasikia kishindo kidogo cha kidevu.

Kazi ngumu ni kumuwahi. Ukingoja mpaka aanze namba nane umechelewa. Kuna dalili zinazotangulia kama dakika kumi, na sasa nazijua kuliko dalili za malaria. Kwanza anaacha kusikia jina lake. Pili anabadilisha michezo: anashika chupa, anaiacha, anashika zulia, anaacha, anaelekea kwenye pindo. Macho yanakuwa makubwa, weupe unaonekana pembeni. Kisha kutafuna kunakuwa kuuma. Hapo humfokei wala humchapi, unamchukua taratibu, mkojo, boksi, giza. Kukimbia tu si ugonjwa, maana hata mbwa aliyelala vya kutosha akitoka kuogeshwa hupagawa dakika moja. Lakini huyo akimaliza anajibwaga chali anahema, na ukimpa kidole anakilamba. Mchovu hamalizi.

Isitoshe, kuna kulala kwingine ambako si kwa kushangilia. Akikataa chakula, akitapika, akiharisha damu, fizi zikiwa nyeupe, huyo halali, huyo anaumwa, na virusi vya parvo havisubiri Jumatatu. Diwani akiamka anaamkia sahani, kwa hiyo sina wasiwasi. Akiwa katikati ya usingizi miguu inachezacheza, midomo inatetemeka, anabweka kwa sauti ya kuku. Anaota. Haguswi. Neema anapita kwa vidole, televisheni inaonekana bila sauti, na mimi napiga simu za kazi nikiwa chooni.

Siku ya tano ilifika saa moja kasoro robo. Nikapanda kwenye kiti cha plastiki kwa mazoea. Kimya. Daftari linasema masaa 17 na nusu. Taarifa ya habari nikaiona mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, ingawa sikusikia neno.

Saa mbili kasoro dakika tano wakabisha hodi. Jirani yangu huyo, na mjumbe, na kijana mwenye rungu, wamekuja kumwona mbwa mwenye kichaa. Nikaweka kidole mdomoni, nikawaongoza koridoni, nikainua kanga kidogo. Diwani alikuwa kalala chali, tumbo juu, ulimi nje kidogo, mguu mmoja unakimbia ndotoni. Mjumbe akatabasamu. Kijana akaficha rungu nyuma.

Jirani akainama, akatazama, akapandisha ile sauti yake ya ferry: "Sasa huyu ndiye atalinda nyumba?"

Nikaangalia saa ya ukutani. Alikuwa bado hajamaliza masaa yake mawili. Jicho moja la Diwani likafunguka, kisha la pili, makubwa, weupe pembeni. Jirani alikuwa amevaa makubazi mapya, yale ya ngozi laini, ya Tanga.

Mimi nilikuwa nimeshapanda kwenye kiti.