Nani Kakwambia Uvute Komeo?

Mimi si fundi simu, na nimechoka kulisema hilo. Lakini hapa Frere Town mtu akishaonekana na miwani na kompyuta ya kupakata, basi ndiye tabibu wa kila kitu chenye betri. Sikai barazani nikatulia bila mtu kunitupia simu mapajani, tena iliyopakaa samli, na kuniambia, "Hebu nitazamie hii, imenikataa." Haikukukataa, dada. Wewe ndiye uliyesahau neno la siri ulilolitunga mwenyewe, halafu uso unaninunia mimi.

Afadhali hao waliosahau. Wanaonichosha zaidi ni wale wanaojiona wajanja. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia kifua mbele kunieleza kwamba neno lake la siri halina wa kulivunja. Akalitaja pale pale, mbele ya baraza nzima na muuza kahawa: Freretown1875. Lina herufi kubwa, akasema, lina ndogo, lina tarakimu, na urefu wake ni 13.

Mwalimu, nikamwambia, mwaka 1875 ndio mwaka wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha makao haya ya watumwa walioachwa huru, yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Kila mtoto aliyepelekwa na shule kuitazama ile kengele pale Kengeleni analijua hilo. Akanijibu kwamba mwizi wa Urusi hajaenda Kengeleni. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanamfikiria mwizi kama mtu aliyekaa na simu yao mkononi, anakuna kichwa, anajaribu neno hili, anajaribu lile. Hivyo sivyo. Mwizi mwenyewe amelala. Anayefanya kazi ni programu.

Mambo huenda hivi. Kampuni fulani uliyojisajili zamani, pengine ya kuuza viatu, inaibiwa faili lake la wateja. Kwenye faili hilo neno lako la siri, ikiwa kampuni ina akili, halikuandikwa wazi. Limegeuzwa kuwa msururu wa herufi usiosomeka. Basi ile programu inachukua makisio yake, inayageuza kwa njia ile ile, na kutazama kama kuna msururu unaofanana na wako. Sasa ipe programu hiyo orodha ya majina laki moja ya miji na mitaa ya dunia, Frere Town ikiwemo. Kila jina ilibandike miaka yote kuanzia 1800 hadi 2025. Yote hayo ni makisio milioni 22 na ushei. Kwa binadamu ni kazi ya maisha. Kwa kompyuta, faili likiwa limelindwa ovyo, mwalimu wetu atakuwa bado anapuliza kahawa yake wakati kazi imekwisha. Ile herufi kubwa mwanzoni na tarakimu mwishoni hazikumsaidia, kwa sababu dunia nzima huweka kubwa mwanzoni na tarakimu mwishoni.

Lenye nguvu ni neno ambalo halikutoka kichwani mwako, maana kichwa chako kinatabirika. Chukua kamusi, fumba macho, ifungue, weka kidole. Fanya hivyo mara nne, uyaunganishe maneno yaliyoangukiwa na kidole, hata kama hayaelewani, kwa mfano pasi-mbuyu-shemeji-mvuke. Kamusi ikiwa na maneno elfu tano tu, na mwizi akijua kabisa kwamba umefanya hivyo, ana michanganyiko trilioni 625 ya kupitia. Lakini kidole ndicho kichague. Muuza mahamri wetu alinisikiliza vizuri, akaitikia, akaenda kuchagua wali-nazi-samaki-papa. Hilo si neno la siri, hicho ni chakula cha mchana.

Sasa tuje kwenye hatua ya pili, ambayo ndiyo iliyoleta kilio mtaani. Na kwa kuwa watu hapa hawataki kuambiwa habari za "uthibitishaji", nitasema habari za mlango.

Nyumba ninayopanga ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mlango mmoja wa mbele. Kila mpangaji ana ufunguo. Funguo hizo zimechongwa, zikapotea, zikachongwa tena, na baadhi wanazo watu waliohama zamani. Bibi mwenye nyumba analijua hilo, kwa hiyo usiku ukiingia analisukuma komeo kwa ndani. Ukichelewa, zungusha ufunguo wako upendavyo, hutaingia. Utabisha. Atauliza, "Nani?" Utajibu, "Mimi." Atauliza, "Mimi nani?" Na haondoki kitandani mpaka aijue sauti. Nimemlaani bibi huyu usiku mwingi, nikiwa na mfuko wa ndizi mkononi na mbu miguuni, ila kuibiwa hatujaibiwa.

Neno la siri ni ufunguo. Ukitumia moja kwa barua pepe, Facebook na duka la viatu, umechonga ufunguo mmoja wa milango yote, na aliyeuokota kwenye duka la viatu atazunguka nao kujaribu kwingine. Zile namba sita zinazoingia kwa ujumbe mfupi ndizo komeo, na wewe ndiye bibi uliye ndani. Zikiingia namba za barua pepe yako nawe hukuziomba, mtu amekwisha kuzungusha ufunguo: kabadilishe neno la siri siku hiyo hiyo. Kwa WhatsApp habari ni tofauti kidogo. Kule hakuna ufunguo wowote, kuna namba yako ya simu tu, ambayo kila mtu anayo. Mlango mzima unashikiliwa na komeo.

Basi muuza mahamri, yule wa wali nazi, akapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwenzake wa chama: "Shoga, nimekosea, namba sita zangu zimekuja kwako. Nirushie upesi." Na kweli zilikuwa zimeingia, na chini yake imeandikwa wazi kwamba usimpe mtu mwingine. Akazirusha. Ndiyo, mwenzake wa chama anamjua tangu utotoni. Lakini aliyekuwa akiandika si mwenzake. Mwenzake huyo naye alikuwa ameporwa akaunti mapema kwa njia ile ile. Mwizi alikuwa amekaa na simu yake, ameandika namba ya muuza mahamri kana kwamba anajisajili upya, na alichokuwa akingoja ni mtu wa ndani avute komeo.

Kufumba na kufumbua WhatsApp ikamtoa nje. Kabla adhuhuri, kundi zima la chama lilikuwa limepata ujumbe kutoka "kwake": mtoto mgonjwa, nitumieni elfu mbili kwa namba hii, jioni narudisha. Wawili wakatuma. Mimi nikaletewa simu, mama analia, unga mpaka kwenye nyusi, na umati umenizunguka kila mtu ana ushauri wake. Mmoja alisema aivunje laini. Mwingine alitaka tuiwashe na kuizima.

Dawa yake ilikuwa fupi. Ingia WhatsApp tena kwa namba yako mwenyewe, omba namba sita mpya, ziandike. Laini unayo wewe, kwa hiyo zinakuja kwako, na ukiziandika tu mwizi anatupwa nje. Mazungumzo yako ya zamani hakuyaona, maana hukaa kwenye simu yako. Alichopata ni makundi na ujumbe uliokuwa ukiingia. Lakini huyu wetu alikuwa fundi. Alipokuwa ndani aliweka pini yake, kwa hiyo tulipoandika zile sita tukaulizwa pini ambayo hatukuijua. Hapo hakuna ujanja. Mwizi ameshatoka, nawe unangoja siku 7 ndipo uingie bila pini hiyo. Tukawapigia wanachama mmoja mmoja kwa simu ya kawaida, na wale wawili wakapeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 kuomba pesa zirudishwe. Ukiwahi, na pesa zikiwa hazijatolewa, unaweza kuponea hapo.

Komeo la pili angeweza kuliweka mwenyewe mapema, na ni kazi ya muda mfupi:

```
Settings > Account > Two-step verification
```

Unaweka pini ya tarakimu sita uliyoitunga wewe, isiyoletwa na ujumbe. Hata ukizirusha zile namba kwa ujinga, mwizi atagonga hapo. Utaulizwa pia barua pepe. Iweke, kwa sababu ukiisahau pini ndiko utakakoiwekea upya, ila barua pepe hiyo nayo iwe na ufunguo wake wa pekee na komeo lake. Vinginevyo umeziba mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi.

Na komeo la ujumbe mfupi lina udhaifu wake, tusidanganyane. Namba zinaifuata laini. Mtu akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, namba zote zitamwendea yeye. Dalili yake ni kwamba mtandao unakatika kwako ghafla, majirani wote wanao, nawe unaambiwa huna huduma. Usingoje mpaka kesho, azima simu uipigie kampuni yako. Wenye laini ya Safaricom wanaweza kupiga *100*100# mapema ili laini isibadilishwe ila wao wenyewe wafike dukani. Kwa barua pepe, afadhali zile programu zinazotoa namba ndani ya simu yenyewe, zikibadilika kila sekunde 30, kwa kuwa hizo haziifuati laini popote.

Muuza mahamri aliuliza kama anaweza kuyaandika maneno yake ya siri daftarini. Andika, nikamwambia, ulifiche. Mwizi aliyekaa mbali na simu yake mkononi hawezi kufungua kabati lako. Mwalimu akacheka, akasema daftari ni la watu wasio na kumbukumbu, yeye ameshaweka pini ya hatua ya pili na hahitaji kuandika chochote. Nikamwomba asiitaje. Akaitaja, kwa sauti, muuza kahawa akiwa anamjazia kikombe. Ni 123456. Ati hakuna mwizi atakayefikiri kwamba mwalimu mzima anaweza kuwa mjinga kiasi hicho.

Nikamwambia alete simu hapa. Akasema chaji imekwisha, kwani mimi sina ya kumwazima?