Namna ya Kumkimbiza Mwizi Bila Kutoka Kitini

Mwandishi mwenzangu, una hadithi, una mwizi, una simu iliyokwapuliwa, na sasa inabidi watu wakimbie. Wewe mwenyewe mara ya mwisho kukimbia ulikuwa unawahi daladala, nayo haikukungoja. Usijali. Msomaji hana saa ya kukupimia mbio, wala hatakuja sebuleni kwako kuona kama unatweta. Mpe vitenzi vyenye jasho, atadhani jasho ni lako.

Tuweke mahali: Kariakoo, Mtaa wa Kongo, saa nane mchana. Kijana kakwapua simu ya muuza vitenge. Muuza vitenge ana kitambi na hasira. Wanatosha hao wawili, usiniletee ukoo mzima.

1. Usianze na "alikimbia". Kitenzi hicho ni kizuri, kitunze, tutakihitaji mbele. Mwizi aliyeshtukiwa hukurupuka. Anayekurupuka ni mtu aliyeshtushwa, miguu imeondoka kabla ya akili, na anaweza hata kumvaa yule yule anayemkimbia. Lakini kama kijana wako alikuwa ameshapima uchochoro tangu asubuhi, huyo hakukurupuka, alichomoka. Umeona ulivyopunguziwa kazi? Kwa neno moja umemwambia msomaji kama mwizi ni mwanagenzi au mzoefu, na umeokoa ule ukurasa mzima wa utoto wake mgumu.

2. Humo Mtaa wa Kongo usimtoe mtu nduki. Najua unatamani. Lakini msomaji amewahi kununua viatu pale, anajua kuna meza, mikokoteni, mafungu ya nguo chini na watu bega kwa bega. Nduki inataka uwanja. Kwenye umati mtu hupenya, hukwepa, hujipinda, huruka fungu la viatu, huenda mbio hatua tano na kukwama tena. Na hapa ndipo ninapokupa siri ya ukoo: "ka". Andika, "Akapenya, akamkwepa mama mwenye beseni, akaruka, akachepuka." Hakuna aliyetaja kasi, lakini kasi ipo, kwa sababu kila "ka" inasukuma iliyotangulia. Sasa jaribu, "Alikuwa akikimbia huku akiangalia nyuma huku akiwaza maisha yake." Mwizi huyo ameshakamatwa, na wewe ndiye uliyemkamata.

Usizidishe lakini. Ukiziweka "ka" kumi na tano mfululizo, atakayehema ni msomaji.

3. Kijana ameibukia Barabara ya Msimbazi, njia imefunguka. Haya, mtoe nduki. Atimue mbio, afyatuke, aende mguu niponye, chagua lako. Ila jua kwamba maneno haya yana muda wake wa kuisha, na ni mfupi kuliko unavyopenda. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kati ya mita ya 60 na ya 80, na kwenye mita 20 za mwisho ilikuwa imeshapungua kidogo. Huyo ni Bolt, kafunzwa, kavaa viatu vya misumari. Kijana wako kavaa kandambili. Mpe mtaa mmoja wa nduki, kisha apungue.

Na tafadhali, ukishikwa na hamu ya kuandika "alikimbia kama duma hadi Magomeni", kumbuka kwamba duma mwenyewe hafiki Magomeni. Akimfukuza swala, kwa kawaida shughuli inaisha ndani ya dakika moja. Asipompata, anamwacha, anakaa chini kupumua.

4. Sasa muuza vitenge. Kosa la watu wengi ni kumwongezea kasi: anakimbia, anakimbia zaidi, anakimbia zaidi sana. Kitambi hakiruhusu. Wewe usiandike kasi, andika pengo. Mwalimu wako hapa ni Filbert Bayi. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Mtanzania huyu aliondoka mbele tangu mwanzo wa mita 1500, akafungua pengo kubwa, akawaacha wenzake na hesabu zao. Mwishoni John Walker wa New Zealand akawa anakuja, pengo linaliwa, linaliwa, mstari ukafika kabla yake. Bayi dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kilichowasimamisha watu vitini ni ile nafasi kati ya migongo miwili. Basi iba mbinu hiyo: mwizi yuko mbele kwa meza sita, kwa nguzo mbili, kwa bodaboda moja, kwa urefu wa mkono. Muuza vitenge wala hajaongeza mwendo. Aliyepunguza ni kijana, kandambili imekatika.

5. Hapa ndipo utoe kile "kimbia" tulichokitunza, lakini ukikague mkiani kwanza, maana mwendo uko kwenye shina na shabaha iko mkiani. "Aliwakimbia askari" ni kwamba hawataki. "Aliwakimbilia askari" ni kwamba anataka wamwokoe na umati, jambo la busara kabisa kwa mwizi wa Kariakoo. "Aliwakimbiza askari" sasa ni hadithi nyingine, na utahitaji mchapishaji jasiri. Silabi moja tu. Mhariri aliyechoka hatakusahihisha, ataipitisha, na mwizi wako atawafukuza polisi hadi kwenye kitabu kilichochapwa.

6. Wakishakaribia Jangwani, wote wawili wamekwisha. Waandishi wengi huwaonea aibu wahusika wao hapa, wakawarudishia nduki kwa nguvu. Usifanye. Waache wajikokote. Anayefukuza anaenda kwa mwendo wa mchakamchaka bila wimbo, anayefukuzwa naye vivyo hivyo, mikono kiunoni, hakuna anayekubali kutembea wa kwanza. Hapo hawakimbizani tena, wanafuatana. Ni sehemu ya kweli kuliko zote na haikugharimu kitu.

7. Mwisho, gawa vitenzi kwa vinywa. Mwenye majivuno hasemi "nilitoka nduki". Nduki ni ya mwenzako siku zote. Mwizi akihojiwa kituoni atasema, "Niliondoka, afande, nilikuwa nawahi." Muuza vitenge, akiwa amerudi na kandambili moja badala ya simu, hatasema alishindwa. Atakaa kwenye kiti chake, atajipepea na kitenge cha biashara na kuwaambia majirani, "Nilimwacha tu. Nilimwonea huruma." Jirani aliyeona kila kitu kutoka ghorofani atasimulia kwamba mzee alitembea tangu Msimbazi. Mkimbizano mmoja, miendo mitatu, na hukulazimika kubuni chochote, umeachia majivuno ya watu yafanye kazi.

Mhariri akikuuliza umejuaje haya yote, mwambie unakimbia kila asubuhi. Ila usimwambie unakimbilia wapi, asije akajitokeza na viatu vyake.