Mjomba Anayepika Samaki Bila Kikomo

Kiingereza huweka wakati uliopita na wingi mkiani mwa neno, tena mara nyingi kwa konsonanti moja kavu isiyo na irabu ya kuishikilia. Kiswahili hufanya kinyume: "vi-" ya vitabu hutangulia, na "-li-" ya alipika husikika kabla hata kitendo hakijajulikana. Kinywa kilichozoea hivyo kikifika mwisho wa neno huona kazi imekwisha. Kwenye mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ambao huchukua dakika 11 hadi 14 na hurekodiwa, hapo ndipo visa vinapoanza.

Sehemu ya pili ya mtihani huo humpa mtahiniwa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha dakika moja hadi mbili za kuongea peke yake. Tuseme kadi inataka habari ya safari, na mtahiniwa amekusudia kusema hivi: "Last year I visited my uncle in Tanga. He cooked a fish and we talked about his goats." Kisarufi haina kasoro. Lakini akimeza mikia, mtahini atasikia "he cook a fish", na mjomba atakuwa hajulikani alipika, anapika, au ataendelea kumpika samaki huyo mpaka mwisho wa dunia. Mbuzi nao, waliokuwa kundi zima, wamebaki mmoja. Mtahini hana njia ya kujua kama mtahiniwa hajui kanuni au anaijua ila ulimi umeisahau. Yeye hupima alichosikia, na kosa la matamshi linaweza kuhesabiwa kuwa la sarufi.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: kila mkia wanauongezea irabu. "Cooked" inakuwa "kukidi", "goats" inakuwa "gotisi", na mtahini anabaki akijiuliza hao gotisi ni mnyama gani. Ukweli ni kwamba "-ed" huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d, kama "visited", inayosikika "vizitid". Baada ya k, p, s, f na sauti nyingine zisizotikisa koo, husikika t tu. Baada ya zinazotikisa koo, d tu. Mkia wa wingi una mgawanyo wa namna hiyo: "goats" ina s, "dogs" ina z, na "buses" ndiyo hupata silabi ya ziada. Anayetia s mahali pa z bado ataeleweka. Asiyetia chochote ndiye mwenye shida.

Dawa iko karibu kuliko inavyodhaniwa, maana Kiswahili chenyewe kina k na t zinazofuatana bila irabu katikati: daktari, maktaba. Anayezitamka hivyo tayari ana "cooked". (Anayesema "dakitari" ndiye huyo huyo atakayesema "kukidi", kwa hiyo aanzie hospitalini kabla ya kwenda kwenye mtihani.) Kinachobaki ni kuuhamishia mkia kwenye irabu ya neno linalofuata. "Cooked a fish" isomwe "kuk-ta fish". "Talked about" isomwe "tok-tabaut", ambayo ndani yake maktaba inasikika waziwazi. Mkia uliokuwa ukining'inia umepata irabu yake halali, na ulimi haulazimiki kubuni nyingine.

Neno linalofuata likianza kwa konsonanti, mambo hubadilika. Katika "walked to", t mbili huungana hata kinywani mwa mzawa wa London, na anayezitamka zote mbili kwa mkazo husikika kama anayegonga mlango. Nguvu zitunzwe kwa ajili ya mkia unaofuatwa na irabu, au ulio kwenye kituo, kama "goats" ya mwisho wa sentensi, ambapo s huvutwa kidogo kabla ya kupumua. Wengine, wakishaonywa, huvuta s kila mahali mpaka wanazaa "peoples" na "informations", wingi ambao mtahini hakuuomba na ambao nao una gharama yake.

Kujisikiliza mwenyewe hakutoshi kupima, kwa sababu anayejua alichokusudia hukisikia hata asipokisema. Kipimo kizuri ni kurekodi kwa simu sentensi kama "They worked in town" na "They work in town", zikichanganywa bila mpangilio, kisha kumpa mtu anayejua Kiingereza asiyeoneshwa maandishi. Kwa kila sentensi ajibu neno moja tu: zamani au sasa. Kwa wingi ajibu mmoja au wengi. Kila jibu lisilolingana na kilichokusudiwa linaonesha mkia uliopotea au uliozidi, na sentensi hiyo irekodiwe upya hadi mjomba atakapomaliza kupika.